Kukagua mfereji wa kii kwenye shafti na kwenye kitovu cha puli: mfano wa shafti ya milimita 38

Mashine za kusaga mahindi na za kukoboa mpunga zinazoletwa karakanani kwetu Mbeya, ziwe zimetoka Chimala, Kyela au Vwawa, mara nyingi huja na tatizo linalofanana. Puli mpya imenunuliwa au imekerezwa mahali pengine, tundu lake linaingia vizuri kwenye shafti ya mota, lakini kii kikishawekwa puli hukataa kuingia, au huingia na kuchezacheza. Mwenye mashine husema kii ni kibovu, na fundi mwenye haraka huchukua tupa akaanza kukipunguza. Kabla ya kushika tupa, inafaa kujua kati ya shafti, kitovu na kii ni kipi kimekosea, na kwa kiasi gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijua hilo kwa kutumia venia, fila geji na jedwali la kii.

Ninaposema kii ninamaanisha kile kipande cha chuma cha mstatili kinachokaa nusu ndani ya shafti na nusu ndani ya kitovu, ili shafti ikizunguka izunguke pamoja na puli. Mfereji ni ile njia iliyochongwa kwa ajili yake katika kila upande. Maelezo yote hapa yanahusu kii kilicho sawa kwa urefu wake wote, ambacho hushika kwa ubavu. Kile chenye kichwa na mteremko wa 1 kwa 100, ambacho hugongwa mpaka kibane juu na chini, kina kina tofauti cha kitovu na hakipimwi kwa jedwali hili.

Hatua ya kwanza: tambua kipenyo halisi cha shafti

Pima shafti mahali ambapo haina mfereji na haijalika, yaani karibu na bega la mota ambako puli haikuwahi kukaa, kisha zungusha venia robo mzunguko na upime tena. Vipimo viwili vikitofautiana, shafti imelika upande mmoja, na kipimo kikubwa ndicho kilicho karibu na ukweli.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa, kwa sababu jedwali halisomwi kwa namba iliyoonekana kwenye venia. Jedwali husomwa kwa kipenyo kilichokusudiwa na mtengenezaji. Chukua mota ya umeme ambayo kibao chake kimeandikwa fremu 132M, kama zilivyo mota nyingi za kilowati 7.5 zinazoendesha mashine za kusaga. Shafti yake ni ya milimita 38, lakini imekerezwa kwa makusudi kuwa kubwa kidogo, kati ya 38.002 na 38.018, ili puli ikae imara. Anayepima kwa maikromita ataona 38.01. Akienda kwenye jedwali na kusoma mstari wa “zaidi ya 38 hadi 44”, atakuwa amechagua kii cha upana wa milimita 12 badala ya 10, na kosa hilo litakuwa limetokana na sehemu moja ya mia ya milimita. Shafti hiyo inabaki kuwa ya 38, na mstari wake ni ule unaoishia 38.

Hii ni sehemu ya jedwali kwa vipenyo tunavyokutana navyo zaidi, kama ilivyo katika kanuni ya DIN 6885. Vipimo vyote ni milimita.

| Kipenyo cha shafti | Kii: upana × kimo | Kina kwenye shafti, t1 | Kina kwenye kitovu, t2 |
|---|---|---|---|
| zaidi ya 22 hadi 30 | 8 × 7 | 4.0 | 3.3 |
| zaidi ya 30 hadi 38 | 10 × 8 | 5.0 | 3.3 |
| zaidi ya 38 hadi 44 | 12 × 8 | 5.0 | 3.3 |
| zaidi ya 44 hadi 50 | 14 × 9 | 5.5 | 3.8 |
| zaidi ya 50 hadi 58 | 16 × 10 | 6.0 | 4.3 |

Tazama mstari wa pili na wa tatu kwa makini. Kina cha shafti ni kilekile na kina cha kitovu ni kilekile. Kinachobadilika ni upana peke yake. Maana yake ni kwamba mtu aliyesoma mstari usio sahihi kwa shafti ya 38 anaweza kupima kina mara kumi akakikuta sawa kila mara, huku puli ikiwa na mfereji mpana kwa milimita 2 kuliko kii. Kwa shafti hii, kina hakiwezi kukufichulia kosa la mstari. Upana lazima ukaguliwe peke yake, na ukaguliwe kwanza.

Kuna mtego mwingine kwenye kipenyo hikihiki. Mashine za zamani, na baadhi ya zilizotengenezwa kwa vipimo vya inchi, zina shafti ya inchi moja na nusu, ambayo ni milimita 38.1. Venia iliyochakaa haitakuonyesha tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi. Kinachoitofautisha ni mfereji wenyewe: katika kipimo cha Kimarekani, shafti ya inchi moja na nusu huchongwa mfereji wa thumni tatu za inchi, yaani milimita 9.525. Chukua kipande cha kii cha milimita 10 ambacho umekipima, au shina la keeni ya milimita 10 ambalo halijaharibika, ulijaribishe kwenye mfereji. Likikataa kabisa kuingia, na kingo ni safi, simama hapo ufikirie inchi kabla ya kufikiria kwamba mfereji umechongwa vibaya. Jedwali lililo hapo juu halina la kukuambia kuhusu shafti hiyo.

Hatua ya pili: safisha, kisha kagua upana

Futa grisi na kutu ndani ya mfereji kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Pitisha tupa laini kwenye kingo za juu, kwa wepesi sana, ili kuondoa chuma kilichotuna kutokana na kugongwa kwa nyundo. Ukiacha chuma hicho, kila kipimo kinachofuata kitakudanganya, hasa kipimo cha kina.

Kwa kii cha upana wa milimita 10 kinachokaa kwa namna ya kawaida, vipimo vinavyoruhusiwa ni vya kubana kuliko wengi wanavyodhani. Kii chenyewe kinaweza kuwa kati ya 9.964 na 10.000. Mfereji wa shafti, ambao kwenye michoro huandikwa `N9`, unaruhusiwa kuwa katika mipaka ileile, 9.964 hadi 10.000. Mfereji wa kitovu, unaoandikwa `JS9`, unaruhusiwa kuwa kati ya 9.982 na 10.018. Ukikuta mchoro umeandikwa `P9` pande zote mbili, kii kimekusudiwa kibane zaidi, jambo linalofaa mashine inayosimama na kugeuza mwelekeo mara kwa mara, na si la lazima kwa mashine ya kusaga.

Venia inayosoma mpaka milimita 0.02 haiwezi kuhukumu tofauti hizo kwa uhakika, na midomo yake midogo huelekea kukaa mshazari ndani ya mfereji. Kwa hiyo mimi hutumia venia kujua tu kama ninaongea na mfereji wa 10, wa 12 au wa 9.5, kisha hukumu ya mwisho naiachia kii kipya kilichopimwa kwa maikromita. Kii hicho kinatakiwa kuingia kwenye shafti kwa kugongwa taratibu na nyundo ya plastiki au ya shaba, na kikishakaa kisitikisike kwa vidole. Kwenye kitovu kinatakiwa kuteleza kwa kusukumwa na mkono, bila kuchezea kushoto na kulia.

Kikichezea, fila geji ndiyo itakayosema kwa kiasi gani. Sukuma kii kibane ubavu mmoja, kisha jaribu kuingiza bati la fila la 0.05 upande wa pili. Katika mfereji mzima wa kitovu, hata kwa kii chembamba kuliko vyote na mfereji mpana kuliko vyote vinavyoruhusiwa, nafasi yote ni 0.054, kwa hiyo bati la 0.05 linaingia kwa shida au haliingii kabisa. Bati la 0.10 likiingia kwa urahisi, mfereji umepita mipaka. Jaribu sehemu tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni, na tena jaribu juu karibu na ukingo na chini karibu na sakafu ya mfereji. Mashine ya kusaga huzunguka upande mmoja siku zote, hivyo uchakavu wake huwa wa ubavu mmoja, na huanzia juu. Ukiona ubavu mmoja una mng’ao na umelala kidogo kuelekea nje, huku wa pili bado una alama za kisu cha kuchongea, huo ni mfereji uliolika kwa kazi. Nafasi ikiwa sawa juu mpaka chini na pande zote zina alama za kisu, huo ulichongwa mpana tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: pima kina cha shafti kutokea upande wa pili

Hatua hii inahitaji subira kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyonigharimu shafti moja nilipokuwa bado kijana karakanani. Jedwali liliniambia kina ni milimita 5.0. Nilishusha ulimi wa venia kutoka kwenye ukingo wa mfereji mpaka sakafuni, nikasoma 4.3 na kidogo, nikaamini kwamba mfereji haujafika. Nikarudisha shafti kwenye mashine na kuongeza. Mfereji ulikuwa tayari sahihi, na mimi ndiye niliyeuharibu.

Sababu yake ni umbo la duara. Kina cha `t1` hakihesabiwi kutoka kwenye ukingo wa mfereji. Huhesabiwa kutoka kwenye kilele cha duara, yaani pale ambapo mgongo wa shafti ungekuwa kama mfereji usingechongwa. Kisu kinapokata, kilele hicho huondoka, na kinachobaki ni kingo mbili ambazo ziko chini yake. Ukiweka duara la kipenyo cha 38 na mfereji wa upana wa 10, kingo hizo ziko chini ya kilele kwa kiasi hiki:

```
kushuka = r - sqrt(r^2 - (b/2)^2)
        = 19 - sqrt(361 - 25)
        = 19 - 18.33
        = 0.67
```

Hapo `r` ni nusu ya kipenyo na `b` ni upana wa mfereji. Basi mfereji wenye kina sahihi cha 5.0, ukipimwa ukingoni, utasomeka 4.33. Anayeongeza mpaka asome 5.0 ukingoni amechonga kina cha 5.67.

Njia salama ni kupima kutoka sakafu ya mfereji mpaka mgongo wa upande wa pili wa shafti, kwa sababu huko duara ni zima. Kwa shafti ya 38 kipimo hicho ni 38 ukitoa 5.0, yaani 33.0. Kina kinaruhusiwa kuzidi kwa 0.2 kwa kii cha ukubwa huu lakini hakiruhusiwi kupungua, hivyo kipimo cha kutoka sakafuni kinatakiwa kuwa kati ya 32.8 na 33.0. Kwa vii vidogo vya 6 × 6 na chini yake, ziada inayoruhusiwa ni 0.1 tu.

Mfereji ukiwa wazi mwishoni mwa shafti, midomo ya venia inaingia kutokea mwisho na kazi inakuwa rahisi. Lakini shafti nyingi za mota zina mfereji uliofungwa kabla ya kufika mwisho, na hapo midomo haiwezi kufika sakafuni. Weka kii ndani, hakikisha kimekaa mpaka chini, kisha pima kutoka mgongo wa kii mpaka upande wa pili wa shafti. Ondoa kimo cha kii ulichokipima, na jibu ndilo umbali wa sakafu. Kwa kii cha kimo cha 8.0 kamili, jumla inatakiwa kuwa 41.0 au pungufu kidogo, na ndiyo maana kwenye karatasi za vipimo vya mota za fremu 132 utaona namba 41 imeandikwa mbele ya herufi `GA`, na 33 mbele ya herufi `G`. Ukiwa na karatasi hiyo, huhitaji hata jedwali.

Jumla ikizidi 41.0, usikimbilie kusema kwamba mfereji hauna kina cha kutosha. Toa kii, paka sakafu ya mfereji wino au masizi ya kibatari, rudisha kii na ukigonge kidogo, kisha kitoe utazame tumbo lake. Kama rangi imeshika kwenye pembe peke yake na katikati ni safi, kii hakijakaa sakafuni. Kisu kilichochakaa huacha pembe za chini za mfereji zikiwa na mviringo mkubwa. Kwa kii hiki mviringo huo hautakiwi kuzidi 0.4, na kingo za kii hukatwa mshazari kati ya 0.4 na 0.6 ili zisigombane nao. Kii kilichokatwa na fundi kutoka kwenye nondo ya mraba, kingo zikiachwa kali, hukalia pembe hizo na kuelea. Dawa yake ni kuvunja kingo za kii kwa tupa, bila kugusa mgongo wala ubavu.

Hatua ya nne: pima kina cha kitovu, na ujue kwamba huko mambo hugeuka

Kwenye kitovu, duara linakudanganya kwa upande wa pili. Kina cha `t2` huhesabiwa kutoka kwenye kilele cha tundu, na kilele hicho kiko ndani ya nafasi ya mfereji, juu ya kingo kwa ileile 0.67. Kwa hiyo ubavu wa mfereji wenye kina sahihi cha 3.3 una urefu wa 3.97 ukipimwa kutoka ukingoni. Anayepima ukingoni akapata 3.3 na kusema umefika, ameacha mfereji ukiwa na kina cha 2.63 tu.

Ukitaka kujihakikishia kwamba umeelewa, jumlisha. Ubavu wa shafti 4.33 na ubavu wa kitovu 3.97 ni 8.30, na kina cha jedwali 5.0 na 3.3 nacho ni 8.30. Duara linachukua upande mmoja kile linachokitoa upande mwingine. Ndiyo maana kosa la kupima ukingoni halionekani kama pande zote mbili zimechongwa na mtu mmoja kwa kosa lilelile: shafti imezidi 0.67, kitovu kimepungua 0.67, na puli inaingia. Tatizo hujitokeza siku puli hiyo inapohamishiwa kwenye mota nyingine, au mota inapopata puli mpya.

Pima kutoka sakafu ya mfereji mpaka upande wa pili wa tundu, kwa midomo ya ndani ya venia. Mdomo mmoja ukiwa katikati ya sakafu, sogeza wa pili kushoto na kulia mpaka upate kipimo kikubwa kuliko vyote, kisha inamisha venia mbele na nyuma kufuata urefu wa tundu mpaka upate kidogo kuliko vyote. Hapo ndipo penye kipimo cha kweli. Kwa tundu la 38 kinatakiwa kuwa 38 kujumlisha 3.3, yaani 41.3, na kinaruhusiwa kufika 41.5. Pima miisho yote miwili ya tundu. Mfereji uliochongwa kwa mashine ya shepa bila puli kunyooshwa vizuri huwa na kina tofauti mbele na nyuma, na puli yake huingia nusu kisha ikakwama.

Ona sasa kwamba kii kinafika 41.0 na sakafu ya kitovu iko 41.3. Ile 0.3 iliyobaki juu ya kii imeachwa kwa makusudi, kwa kuwa kii hiki kazi yake ni kubeba kwa ubavu. Nafasi hiyo ikikosekana, kii hukisukuma kitovu upande mmoja, puli huzunguka nje ya katikati yake, mkanda hupiga, na ufa huanzia kwenye pembe ya mfereji, mahali ambapo chuma cha kitovu ni chembamba kuliko kwingine. Puli nyingi za chuma cha kusubu nilizoziona zimepasuka, ufa ulianzia hapo.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Mteja kutoka Chimala alileta mota ya fremu 132M na puli aliyochongewa kwingine. Alieleza kwamba puli inaingia bila kii, lakini ikiwa na kii inakataa, na tayari kii kimoja kilikuwa kimepunguzwa mgongo kwa tupa mpaka kikawa na mabonde.

“Fundi, huyu wa kwanza aliniambia kii cha dukani ni kinene,” alisema.

Nilipima kii kipya alichokinunua nikapata upana wa 9.98 na kimo cha 7.96. Havikuwa na kasoro, kwa kuwa kimo kinaruhusiwa kushuka mpaka 7.91. Shafti ilisoma 38.01 karibu na bega. Kii kiliingia kwenye mfereji wa shafti kwa nyundo ya plastiki na hakikutikisika. Jumla kutoka mgongo wa kii mpaka upande wa pili ilikuwa 40.94, na nilipoondoa 7.96 ilibaki 32.98, ambayo iko kati ya 32.8 na 33.0. Shafti haikuwa na kosa.

Nikageukia puli. Tundu lilisoma 38.02. Kii kiliteleza kwenye mfereji wake kwa mkono, na fila ya 0.05 haikuingia, kwa hiyo upana nao ulikuwa mzuri. Kutoka sakafu mpaka upande wa pili nilipata 40.65 mwisho mmoja na 40.66 mwisho mwingine, ilhali ilitakiwa iwe 41.3 au zaidi. Kii kilikuwa kinafika 40.94, na dari ya mfereji ilikuwa chini yake kwa karibu 0.3. Puli isingeingia hata ikigongwa siku nzima, na kama ingelazimishwa ingepasuka.

Pungufu lenyewe, 0.65, lilikuwa karibu kabisa na ile 0.67. Nikashusha ulimi wa venia kutoka ukingoni mpaka sakafuni, na ukasoma 3.3. Aliyechonga alisoma jedwali sawasawa, akachagua mstari sahihi, akachonga kwa unyoofu, kisha akapima mahali pasipo sahihi. Upungufu unapolingana na kushuka kwa duara namna hiyo, huhitaji kutafuta sababu nyingine.

Tulirudisha puli kwenye shepa, tukainyoosha kwa kufuata mbavu za mfereji zilizokuwepo, tukatumia kisu chembamba kidogo kuliko mfereji ili kisiguse mbavu, tukaondoa chuma cha sakafuni kidogo kidogo mpaka 41.38. Kii kilichotiwa mabonde kwa tupa tulikitupa. Kama tungekitumia, nafasi ya juu ingekuwa kubwa na sehemu ya kii inayobeba ndani ya kitovu ingekuwa fupi.

Hatua ya tano: kagua vikiwa vimeunganishwa

Puli ikishaingia, ingiza fila kutokea mwisho, juu ya mgongo wa kii. Kwa mota ya Chimala hesabu ilikuwa 41.38 ukitoa 40.94, yaani 0.44, na bati la 0.40 lilipita urefu wote wa kitovu huku la 0.50 likigoma. Kwa kii cha 10 × 8 kilichokaa sawa, nafasi hii huwa kati ya 0.3 na takriban 0.8 ukichanganya vipimo vyote vinavyoruhusiwa. Bati la 0.30 likikwama, rudi kwenye hatua ya tatu na ya nne. Bati la 1.0 likipita, shafti au kitovu kimechongwa kupita kiasi, na unatakiwa kujua ni kipi.

Jibu linategemea ni kipi kilichozidi. Kitovu chenye kina kirefu hakipunguzi sehemu inayoshikwa na kii, ila hupunguza unene wa chuma juu ya mfereji. Shafti yenye kina kirefu ni mbaya zaidi, kwa sababu kii huzama. Katika ile shafti niliyoiharibu, sakafu ilishuka mpaka 32.33, hivyo mgongo wa kii ukafika 40.33 badala ya 41.0, na kimo kilichopanda juu ya duara la shafti kikawa 2.33 badala ya 3.0. Mzigo uleule ukabebwa na ubavu mfupi zaidi upande wa kitovu, na mfereji wa puli ukaanza kulika. Kwa hali hiyo chonga kii chenye kimo kikubwa kutoka kwenye chuma cha kii, katika mfano huo milimita 8.67, ili mgongo urudi 41.0. Usiweke kipande cha bati chini ya kii, kwa kuwa hupondeka kwa mtetemo na kii kikarudi kuzama.

Mfereji ukiwa umepanuka upande mmoja tu, wa shafti au wa kitovu, inawezekana kuchonga kii cha ngazi, kipana upande uliolika na cha kawaida upande mwingine, baada ya kunyoosha mbavu zilizolika. Ukiwa umepanuka pande zote mbili kwa zaidi ya nusu milimita, ninapendelea kuchonga mfereji mpya kwa vipimo vya jedwali, robo mzunguko kutoka ule wa zamani, mradi kitovu kina unene wa kutosha na skrubu ya kubana haijatobolewa mahali hapo.

Kabla puli haijaondoka karakanani, andika namba nne kwa kalamu ya chuma au rangi kwenye uso wake wa ndani: kipenyo cha tundu, upana wa mfereji, kipimo cha kutoka sakafu mpaka upande wa pili, na kimo cha kii kilichotumika. Kwenye puli ya Chimala tuliandika 38, 10, 41.38 na 7.96, na mteja akaondoka na kii cha akiba kilichokatwa kwa vipimo hivyohivyo.